Makabati ya Upande wa Kushoto

Mume wangu Kisyeri ananunua dhahabu. Si ya mgodi mkubwa, msianze kunitazama hivyo. Ananunua ile ya wachimbaji wadogo wa kule Nyamongo, inayokuja imefungwa kwenye kipande cha nailoni, anaipima kwenye mizani isiyozidi ukubwa wa simu. Mwaka ule bei ilipanda mpaka watu wakaacha mahindi yakauke shambani. Kila mtu Tarime alikuwa na shimo lake au anamjua mwenye shimo.

Sasa mtu anayenunua dhahabu, kwa maelezo ya Kisyeri, hawezi kufungua kabati la vikombe kwa kishikio cha bati. Akaenda Mwanza, akarudi na boksi la vishikio virefu vya rangi ya dhahabu, vizito, vimenyooka, vimetokeza kama pembe za ng'ombe. Nikamuuliza, "Baba Rhobi, hivi vinaenda kwenye jiko lipi?" Akasema, "La kwetu." Nikasema sawa. Nilikuwa nakaanga dagaa na sikutaka maneno.

Jiko letu la hapa Bomani, Tarime mjini, ni ujia uliopewa jina la jiko. Kiwanja ni chembamba, ukuta wa jirani huku, ukuta wa jirani kule, hakuna pa kuzungukia nyumba. Ukitoka sebuleni kwenda uani, unapita jikoni. Kisyeri akajenga makabati pande zote mbili, kwa sababu ameona hivyo kwenye hoteli. Njia iliyobaki katikati inamtosha mtu mmoja na nusu. Walipofunga vile vishikio, viwili viwili vikitazamana, ile nusu ikaondoka.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa michubuko tu ya nyonga. Tatizo lilianza baba mkwe alipokuja.

Baba yake Kisyeri ni mzee Nyangwine, wa kijiji cha Susuni. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, la kushoto limeziba kabisa, la kulia linaona kivuli. Pale hospitali ya wilaya tuliambiwa madaktari wa macho wangekuja mwisho wa mwezi, na akifanyiwa atarudi kuona. Mama mkwe alishafariki. Kule Susuni mzee alikuwa anaishi peke yake na mbuzi, anapapasa kuta, na tayari alishamwaga uji wa moto kwenye mguu wake. Nikamwambia Kisyeri mlete akae hapa mpaka wamtibu, na wakishamtibu aendelee kukaa. Kisyeri akanitazama kwa mshangao. Wake wengi hawaombi kuletewa baba mkwe.

Niseme wazi, nampenda yule mzee. Nilipompoteza mtoto wangu wa kwanza, bado tunaishi Susuni, watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Yeye hakusema neno. Lakini kila nilipofungua mlango asubuhi nilikuta kuni zimepasuliwa ndogo ndogo, zimepangwa pale kizingitini, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kushika shoka. Alifanya hivyo mpaka nilipoanza kucheka tena. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo, na hatutalizungumzia.

Hatutalizungumzia kwa sababu kwetu Wakurya mkwe na mkwe wanaheshimiana, na heshima yenyewe ina nafasi yake. Hatugusani. Hatubanani mlangoni. Sikai kitini kwake, yeye haingii chumbani kwetu. Choo cha ndani kiko chumbani kwetu, kwa hiyo mzee anatumia cha uani, na cha uani kinafikiwa kwa kupita jikoni, nami nashinda jikoni. Mnaona tulipofika.

Tukapata utaratibu bila mtu kuutangaza. Mzee akitaka kupita anakohoa sebuleni. Mimi naacha ninachofanya, natoka uani, nasimama pembeni kabisa kwenye kamba ya nguo. Anapita, anaingia chooni, anatoka, anakohoa tena. Wali wangu uliungua mara nyingi wiki ile. Jirani yangu Philomena akawa ananiuliza kwa nini siku hizi napenda sana kusimama kwenye kamba wakati haina nguo.

Siku mbaya ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimejifunga kanga moja juu ya gauni la ndani, maana joto la chapati mnalijua. Mzee akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa cha haraka, cha mtu mwenye shida ya haraka. Nikageuka nikimbie uani. Kishikio cha droo kikaingia kwenye kanga, mimi nikaenda, kanga ikabaki. Ilining'inia pale kwenye dhahabu ya Kisyeri, na mimi nimesimama mlangoni na gauni la ndani, na mzee tayari ameingia kwa upande wa pili.

Aliona kivuli tu, najua. Lakini mkono wake ulitangulia, kama kawaida yake, ukaishika ile kanga. Akaipapasa. Akaelewa. Akaiachia polepole, akageuka, akarudi sebuleni bila kwenda alikokuwa anakwenda.

Kesho yake alfajiri alikuwa amekaa kwenye kochi, kofia kichwani, begi magotini.

"Mbuzi wangu hawana mtu," alimwambia Kisyeri.

"Baba, mbuzi wako kwa Nashoni, jirani yako. Wewe mwenyewe uliwapeleka."

"Nashoni hajui mbuzi."

Nashoni amefuga mbuzi tangu azaliwe. Kisyeri akabembeleza, akataja madaktari, akataja macho. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Nyumba ikipata njia, nitakuja." Akapanda basi. Mimi nilikuwa uani, na baada ya kanga ile sikuwa na uso wa kupita mbele yake nimuage.

Nilirudi jikoni nikaving'oa vishikio viwili kwa mkono. Kwa hasira mtu anaweza. Kisyeri alipotokea nikamwambia, "Chagua. Safu moja ya makabati itoke, au hizi pembe zitoke."

"Mama Rhobi, hiyo ni granaiti juu yake."

"Basi pembe zitoke."

"Na tutafungulia nini? Meno?"

Ndipo tukamwita Owiti, aliyetengeneza makabati yenyewe. Owiti ana karakana karibu na stendi, ni Mjaluo, ndugu zake nusu wako Migori ng'ambo ya mpaka, na hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asiloliweza. Alisimama katikati ya jiko, akanyoosha viwiko, vikagusa vishikio huku na huku.

"Hapa dawa ni ya kubonyeza," akasema. "Mlango mtupu kabisa. Unabonyeza kidogo, tak, unafunguka wenyewe. Hakuna kinachotokeza. Nairobi wote wako huko sasa."

Kisyeri aliposikia Nairobi, macho yakamtoka. Mimi niliposikia hakuna kinachotokeza, nikakubali. Kila mtu alisikia alichotaka.

Owiti akafanya kazi yake vizuri, sitamsingizia. Akang'oa vishikio, akaziba matundu na kupaka rangi. Akatoa zile bawaba zenye springi, akaweka zisizo na springi, kwa sababu springi inauvuta mlango ufunge na kile kisukumio kidogo alichofunga ndani ya kabati kinataka ufunguke, vingegombana. Akaacha upenyo mwembamba nyuma ya kila mlango ili uweze kuingia ndani kidogo unapobonyezwa. Ukibonyeza, mlango unatoka kidogo, unaumalizia kwa mkono. Ukitaka kufunga, unausukuma taratibu mpaka sumaku iushike. Ukisukuma kwa nguvu, unafunguka tena.

Tukajaribu. Kisyeri akapita katikati, kifua mbele, hakugusa kitu. Nikapita na mimi na kanga yangu. Hakuna kilichonishika. Nikapita tena na sufuria. Jiko likawa kubwa jamani! Nilifurahi mpaka nikampikia Owiti kuku. Kisyeri akaenda Susuni siku hiyo hiyo, akarudi na mzee na begi lake.

Hapo ndipo ujinga wetu sote watatu ulipojitokeza. Tulijaribu jiko sisi, watu wenye macho. Mtu mwenye macho anapita katikati. Mzee Nyangwine hapiti katikati ya kitu chochote. Anapita pembeni, mkono ukitangulia, nyonga ikifuata, akiegemea.

Asubuhi yake, Kisyeri akiwa ameshaenda Nyamongo, mzee akakohoa. Nikatoka uani, safari hii nimevaa gauni zima na sweta juu. Nikasimama kwenye kamba. Nikasikia, tak.

Kisha tak. Kisha tak tak.

Nikachungulia. Mzee alikuwa ameweka kiganja kwenye makabati ya kushoto, na kila alipoegemea na kuachia, mlango ulifunguka nyuma ya mkono wake. Mmoja ukamgusa goti kwa nyuma. Akashtuka, akageuka, akaegemea upande wa kulia. Tak. Mlango wa kulia ukafunguka, ukakutana na wa kushoto, njia ya kurudi ikafungwa. Akajaribu kwenda mbele, nyonga ikagusa droo. Droo ikaja.

Sasa mzee yuko katikati ya jiko, amezungukwa na milango. Mimi niko uani. Kumfungulia ilitaka niingie, niiname mbele ya magoti yake, nipitishe mkono pembeni mwake. Siwezi. Mnaweza kucheka, lakini siwezi, na yeye angeona afadhali afie pale kuliko niweze.

"Baba," nikaita nikiwa nimegeukia ukuta, "sukuma mlango ulio mbele yako. Taratibu."

Akausukuma. Tak. Ukafunguka.

"Taratibu zaidi, baba."

Tak.

Mkono wa mtu aliyelima miaka yote hauna taratibu zaidi. Nikampigia Owiti simu. Sijui nilimwambia nini, ila alifika na bodaboda akiwa na penseli bado sikioni, akaingia kwa mlango wa mbele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema mzee, amesimama wima kama yuko gwaride. "Ni wewe uliyetengeneza hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Nimesimama hapa na sufuria za mkwe wangu. Nimezishika zote. Moja haina mfuniko."

Owiti akafunga mlango mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Mzee akatoka, akakaa kwenye kochi, akaomba begi lake. Hakutaja mbuzi safari hii. Alisema tu, "Mnipeleke stendi," na nikajua akipanda lile basi harudi tena, madaktari watakuja na kuondoka, naye atakaa Susuni anapapasa kuta mpaka siku atakayopapasa moto.

Nikalia. Mimi si mtu wa kulia, Philomena shahidi. Nililia uani nikiwa nimeshika kamba ya nguo, kwa sauti, bila hata haya, na nikasema maneno nikielekea ule mlango wa jikoni uliokuwa wazi: "Baba, usiondoke. Mimi ndiye nilitaka uje. Si Kisyeri. Mimi."

Nikamsikia Owiti kule sebuleni akisema, "Mzee, nipe siku chache. Lala kwangu. Mke wangu Zilpa anapika vizuri, na nyumba yangu haina jiko la namna hii."

Mzee akafikiri sana. Mkurya wa rika lake kulala kwa Mjaluo si jambo dogo, watu wa Susuni wangelizungumza mpaka mavuno. Mwishowe akasema, "Kwako sina mkwe."

"Huna, mzee."

"Twende."

Jioni nikamfuata Owiti karakanani, nikamkuta amekaa juu ya gogo, milango yangu yote ameshaing'oa, ameiegemeza ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Akaniwahi.

"Mama Rhobi, kile cha kubonyeza ni kizuri kwa mtu asiyeegemea. Jiko lako lote ni la kuegemea. Nilikosea."

Ikaniudhi zaidi. "Na vishikio vinavua nguo," nikasema. "Sasa tunafungulia nini, Owiti? Tunaiimbia milango?"

Akanyanyua kipande cha aluminiamu, kirefu, kimekunjwa kama herufi ya J. Alikuwa amemwagiza binamu yake Migori avuke na vipande vyake pale mpakani Sirari. Akanieleza huku akinionyesha kwenye mlango mmoja. Unakata mlango juu, kiasi sawa na kimo cha hiki kipande, kisha unakivalisha pale juu. Kwa mbele kiko sawa na uso wa mlango, hakitokezi hata kidogo. Kwa nyuma ya ule mdomo kuna mfereji. Unaingiza vidole kutoka juu, unavuta, mlango unakuja. Ukiuegemea haufanyi kitu, kwa sababu unavutwa tu, hausukumwi. Bawaba za springi zinarudi, mlango unajifunga vizuri. Na kwa kuwa vishikio vya Kisyeri vilikuwa vimelazwa karibu na ukingo wa juu, matundu yake yanaondoka na kile kipande kinachokatwa.

"Kwa nini hukusema hiki mwanzo?"

"Kinajaa unga," akasema. "Mimi nachukia makabati yangu yakijaa unga. Na pale chini ya granaiti lazima niache nafasi ya vidole, mkilalamika kuna upenyo juu ya mlango, msiniite."

"Unga ni wangu," nikasema. "Fanya."

Kisyeri alinuna. Hakukuwa tena na dhahabu, hakukuwa na tak ya Nairobi, kulikuwa na aluminiamu ya kijivu kama ya dirisha la ofisi ya kata. Alinuna mpaka nikamwambia achague, baba yake au rangi. Akaenda kunywa soda kwa jirani.

Owiti mwenyewe akamrudisha mzee, siku mbili kabla ya madaktari. Mimi nikatoka uani mapema kabla hata ya kikohozi, nikasimama kwenye kamba. Sikusikia tak. Nikachungulia.

Mzee alikuwa amesimama mwanzo wa makabati ya kushoto, anapapasa. Vidole vyake vikapanda juu ya mlango, vikaingia kwenye ule mfereji, vikatulia. Kisha vikatembea. Mlango wa kwanza, upenyo mdogo, mlango wa pili, upenyo, wa tatu, droo. Owiti alikuwa amepanga yote kwa kimo kimoja, ikawa mstari mmoja kutoka sebuleni mpaka mlango wa uani. Mzee hakuhitaji kuegemea tena, alikuwa ameshika kitu. Akapita amebanana na upande wa kushoto kabisa, uso umeelekea makabati, na upande wa kulia ukabaki wazi. Mtu angeweza kusimama pale anasonga ugali na hata upindo wa koti la mzee usimguse.

Alipofika mlangoni akasimama. Akasema, bila kugeuza uso kunielekea, "Mama Rhobi, usikae juani. Chakula kitaungua."

Nikaingia jikoni kwangu. Aliporudi kutoka chooni alikohoa, mimi nikabaki upande wangu wa kulia nikigeukia jiko, yeye akapita upande wake kwa vidole. Hivyo tu. Nilisonga ugali huku machozi yananitoka, na ugali ule ulikuwa na mabonge, na Kisyeri aliula wote.

Madaktari walikuja. Wakamfanyia lile la kulia kwanza. Kesho yake wakatoa bandeji, na kitu cha kwanza mzee alichosema kwa nesi ni kwamba ukuta wa hospitali unahitaji rangi. Kisyeri alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Mimi niliwasikia wakiingia, nikasikia mzee akitaja vitu vya sebuleni kimoja kimoja, kochi, saa, picha ya binti yetu Rhobi amevaa sare ya shule, kwa sauti ya mtu anayekabidhiwa mali yake.

Na mimi, badala ya kufurahi, nikaogopa. Nikakumbuka kanga. Nikakumbuka tumeishi vizuri kwa sababu hakuniona, na sasa anaona, na njia ni ile ile nyembamba. Sasa angeyaona matiti yangu ndani ya gauni la jikoni, jasho langu, kichwa changu bila kilemba. Angeona haya, angekumbuka Nashoni hajui mbuzi. Nikasikia kikohozi chake. Nikafuta mikono, nikaanza kwenda uani kusimama kwenye kamba, kama zamani.

"Kaa, mama Rhobi," akasema kutoka mlangoni.

Nikakaa. Nikageukia jiko. Lakini kioo cha dirisha linalotazama ukuta wa jirani kilikuwa mbele yangu, na humo nilimwona. Mzee Nyangwine alisimama mwanzo wa makabati na jicho lake jipya, jekundu kidogo bado, likimeta. Akaliangalia lile jiko mara moja, juu mpaka chini, ambalo hakuwahi kuliona. Kisha akafumba macho yote mawili. Akanyoosha mkono, akaingiza vidole kwenye mfereji wa kushoto, akapita nyuma yangu polepole, mlango kwa mlango, mpaka uani. Huko ndiko alikofumbua.

Hajarudi Susuni. Mbuzi ni wa Nashoni sasa. Owiti alisema kweli, ile mifereji inajaa unga, na mimi nina kazi nyingi na sina moyo wa kufuta makabati kila siku. Wa kulia naufuta nikikumbuka. Wa kushoto naufuta kila asubuhi, kabla hajaamka.